Kakopa laki tano kwa asilimia 10 kwa mwezi, baada ya miezi 8 anadaiwa 1,072,000. Hii hesabu imetoka wapi?

Mtu wa Katonga

Habari za jioni wakuu. Naomba wanaojua hesabu za mikopo ya mitaani wanisaidie, maana nyumbani hatulali.

Dada yangu anakausha dagaa pale Kibirizi. Tarehe 30 Aprili 2024 alikopa Sh 500,000 kwa mtu binafsi hapa Kigoma mjini ili anunue mzigo. Waliandikiana kwenye karatasi ya daftari, shahidi mmoja, na akaacha karatasi ya kiwanja cha shemeji. Maneno ya karatasi ni mafupi: "riba ni asilimia 10 kila mwezi". Basi.

Wiki mbili baadaye, tarehe 15 Mei, ziwa likafungwa mpaka Agosti 15. Miezi mitatu hakuna dagaa wa kununua wala wa kukausha. Laki tano nyingine ikaliwa nyumbani, nyingine ikalipa ada. Ziwa lilipofunguliwa akaanza upya kidogo kidogo, halafu mvua zikaingia. Mnajua dagaa akinyeshewa kichanjani siku ya kwanza, bei yake inakuwa ya chakula cha kuku.

Tarehe 30 Desemba yule bwana kaja na karatasi nyingine: deni ni Sh 1,072,000. Mimi nimepiga hesabu yangu: asilimia 10 ya laki tano ni 50,000, mara miezi 8 ni 400,000, jumla 900,000. Nikamuuliza hiyo 172,000 imetoka wapi, akanijibu "riba ni ileile ya asilimia 10, sijaongeza hata senti". Amesema kwa utulivu kabisa, wala haonekani mtu anayedanganya. Nani yuko sahihi?

Kijana wa Mwanga

Wewe uko sahihi mkuu. Asilimia 10 kwa mwezi ni asilimia 120 kwa mwaka, haihitaji chuo. Miezi 8 ni asilimia 80. Laki tano jumlisha laki nne ni laki tisa. Huyo kaongeza 172,000 ya kwake kwa sababu kaona mama anauza dagaa hajui kalamu. Usilipe hata shilingi juu ya 900,000.

Bonde la Malagarasi

Ndugu, hiyo asilimia 10 mbona haina riba? Ni ile ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ilisimama 2023 ikarudishwa 2024. Dada yako aende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata aulizie kikundi. Kama kuna mtu anamtoza riba kwa mkopo wa halmashauri huyo ni wa kumripoti haraka sana.

Mtu wa Katonga

Ahsante ndugu, ila huu siyo mkopo wa halmashauri. Ni mtu binafsi, anatoa hela yake mfukoni.

Mhasibu wa Kasulu

Mtu wa Katonga, pole sana, na mpe pole dada. Nimeshika vitabu vya SACCOS kwa muda mrefu na karatasi za namna hii zinaniletea watu kila msimu. Nikwambie ukweli hata kama haupendezi: huyo bwana hajakosea kuzidisha. Kosa liko mahali pengine kabisa.

Chukua simu yako, fungua kikokotoo. Andika 500000, zidisha kwa 1.1. Utapata 550,000, hilo ndilo deni la mwisho wa Mei. Sasa usirudi kwenye laki tano. Zidisha hiyo 550,000 tena kwa 1.1, utapata 605,000, mwisho wa Juni. Endelea hivyo mpaka utimize mara nane. Utaona Julai 665,500, Agosti 732,050, na ukifika Desemba kikokotoo kitasoma 1,071,794. Yeye kaizungusha ikawa 1,072,000.

Hesabu yako na yake zinalingana mwezi wa kwanza tu. Wewe kila mwezi unachukua asilimia 10 ya laki tano aliyopokea mkononi. Yeye anachukua asilimia 10 ya deni lote lililopo siku hiyo, pamoja na riba za nyuma ambazo hazikulipwa. Kwa hiyo Mei riba ni 50,000, lakini riba ya Desemba peke yake ni zaidi ya 97,000. Mdomoni ni "asilimia 10 ileile". Mfukoni inakaribia mara mbili.

Ukiendelea mpaka mwezi wa 12 utapata 1,569,214. Yaani kwa mwaka mmoja riba ni 1,069,214 juu ya laki tano. Hiyo ni karibu asilimia 214, wala siyo 120.

Kijana wa Mwanga

Mzee shikamoo, lakini kumi mara kumi na mbili ni 120. Hesabu haina Kasulu wala Kigoma.

Mhasibu wa Kasulu

Marahaba kijana. 120 yako ipo, tena ipo katika hali mbili. Ya kwanza, waliandikiana kwamba riba itahesabiwa kwenye ile laki tano tu, hata kama haijalipwa. Ya pili, dada awe analipa 50,000 kila tarehe 30 bila kukosa. Hapo mwaka ukiisha atakuwa ametoa 600,000, ndiyo hiyo asilimia 120 yako. Na laki tano bado anadaiwa yote, haijapungua shilingi.

Tatizo ni kwamba wafanyabiashara wa mwaloni hawalipi 50,000 kila tarehe 30. Dagaa anafuata giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika, mwaloni panapoa, na tarehe 30 ya mkopeshaji haiangalii mwezi wa juu. Kwa hiyo mtu anapeleka alichonacho. Tuseme kila mwezi anapeleka 30,000, anajiona analipa, na kweli analipa. Lakini riba ni 50,000, hiyo 20,000 iliyobaki inaingia kwenye deni, na mwezi ujao nayo inazaa. Ukipiga kwa mwaka mzima, atakuwa ametoa 360,000 na deni limefika 927,686. Katoa pesa miezi kumi na mbili na anadaiwa karibu mara mbili ya alichokopa. Hapo ndipo watu wanaposema wamerogwa.

Na ukitaka kujua anapaswa kulipa ngapi ili deni la laki tano liishe ndani ya mwaka kwa riba hiyohiyo, ni kama 73,400 kila mwezi. Angalia tofauti: 50,000 kila mwezi haimalizi milele, 73,400 inamaliza kwa miezi 12. Hiyo 23,400 ya juu ndiyo inayokula deni. Anayekopa hapati kuambiwa hilo siku anapochukua hela.

Mama Farida

Jamani nimesoma hapa nikakaa chini. Mimi ni mwalimu, niko wilaya ya Uvinza. Nilikopa kwa mtu, akashika kadi yangu ya benki na namba ya siri. Mshahara ukiingia anatoa yeye kwanza, halafu ananipigia simu niende nikachukue kilichobaki. Karatasi inasema nimekopa 500,000 lakini mkononi nilipewa 450,000, akasema ya mwezi wa kwanza kashaikata. Kila mwezi anakata 50,000. Nikimuuliza lini inaisha ananiambia "siku ukileta laki tano nzima". Mwalimu anapata wapi laki tano nzima? Naomba mniambie, na hii ni ile asilimia 214?

Mhasibu wa Kasulu

Mama Farida, yako siyo ile, kwa sababu riba yako hailali, inakatwa kila mwezi. Lakini asilimia 10 pia siyo. Ulipokea 450,000, na unalipa 50,000. Gawanya, utaona ni zaidi ya asilimia 11 kwa mwezi kwa pesa uliyoishika kweli. Wewe shida yako ni kwamba hakuna mlango wa kutokea: anakataa kupokea nusu nusu kwenye laki tano yenyewe. Kwanza kabisa nenda benki kabadilishe namba ya siri na kadi. Deni utaendelea kudaiwa, sikwambii ukimbie, lakini utakaa mezani kuzungumza ukiwa na mshahara wako mkononi.

Mama Farida

Naogopa atakuja shuleni mbele ya wanafunzi. Alishafanya hivyo kwa mwenzangu.

Mtaji wa Gungu

Naona mnatusema sana. Mimi nakopesha. Sifichi. Mngejua watu wanaokopa wakavuka Burundi na hela zetu, wengine wanabadilisha laini ya simu siku hiyohiyo, mngeelewa kwa nini ni kumi. Benki inamtaka huyo mama awe na leseni, akaunti ya miezi sita, mdhamini, hati. Mimi nampa hela leo jioni, kesho alfajiri yuko mwaloni ananunua.

Na sisi hatufanyi hiyo mnayoita riba juu ya riba. Mtu akishindwa kulipa tunaandikiana upya. Anakubali mwenyewe, anatia saini mwenyewe. Karatasi ya zamani inachanwa, hamna deni la zamani tena, kuna mkopo mpya. Kwenye mkopo mpya riba ni kumi, kama kawaida.

Mhasibu wa Kasulu

Mtaji wa Gungu, ahsante kwa kusema wazi, na mtu akitoroka na hela yako ni hasara ya kweli, sibishi. Lakini hicho ulichokieleza ndicho chenyewe. Karatasi mpya inapoandikwa "nimekopa Sh 732,000" wakati mtu hajapokea hata noti moja siku hiyo, riba ya zamani imegeuzwa kuwa mtaji. Na ya zamani ikichanwa, ushahidi kwamba alipokea laki tano tu umeondoka nayo.

Mtu wa Katonga, ndicho nilichotaka kukuuliza. Muulize dada: kati ya Aprili na Desemba alitia saini karatasi nyingine? Na kuna pesa yoyote alipeleka, hata kidogo? Hata ya simu?

Msikiti wa Ujiji

Wazee wetu walituonya juu ya riba tangu tukiwa madrasa. Nasema kwa uchungu, siyo kwa kumhukumu dada. Siku hizi Ujiji nzima, mwenye kudai na mwenye kudaiwa wanasimama safu moja. Kuna vikundi vya kina mama mtaani kwetu vinakopeshana bila nyongeza, mnarudisha kilekile. Vipo, ila ni vidogo.

Mtu wa Katonga

Nimerudi wakuu. Nimekaa na dada jana usiku, mambo mengine alikuwa hajatuambia.

Ni kweli kuna karatasi ya katikati. Tarehe 30 Agosti, wiki mbili tu baada ya ziwa kufunguliwa, yule bwana alimfuata kichanjani, akamwambia ili asiuze kiwanja watie saini upya. Nimeipata picha yake kwenye simu ya shemeji. Imeandikwa hivi: "Mimi nimekopa taslimu Sh 732,000 leo tarehe 30/8/2024." Taslimu! Siku hiyo hakupokea kitu. Ile ya Aprili ilichanwa palepale.

La pili, jioni hiyohiyo alimtumia 100,000 kwa simu, alikuwa ameuza beseni zake za kwanza. Meseji ya muamala ipo. Jamaa akamjibu kwa sauti "hiyo nitaihesabu". Kwenye karatasi ya Desemba haimo.

Mhasibu wa Kasulu

Hapo sasa tuna kitu cha kushika.

Tukae kwanza kwenye hesabu yake yeye mwenyewe, bila kubishana na riba. 732,000 toa 100,000, inabaki 632,000. Zidisha kwa 1.1 mara nne, Septemba mpaka Desemba. Unapata kama 925,300. Kwa kanuni yake mwenyewe dada hadaiwi 1,072,000. Laki moja iliyosahaulika Agosti imekuwa 146,000 na zaidi ilipofika Desemba, kwa sababu riba juu ya riba inakuza hata malipo yasiyoandikwa. Mkopeshaji akisahau risiti moja, hasara yako haibaki laki moja.

Sasa kwa hesabu ya karatasi ya Aprili, ile iliyosema asilimia 10 kila mwezi bila kutaja kwamba riba itaingia kwenye deni, ni 900,000 toa 100,000, yaani 800,000. Hiyo unaweza kuisimamia ukiwa na shahidi wa Aprili. Yupo?

Mtu wa Katonga

Yupo, ni jirani. Anakumbuka laki tano ilihesabiwa mezani.

Wakili Mtarajiwa

Niingie kidogo kwa upande wa sheria. Tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mtu anayekopesha kama biashara, hata akiwa mmoja peke yake, anatakiwa awe na leseni, anaingia daraja la pili, chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Na Benki Kuu imeshasema kwa daraja hilo riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tano hiyo ni 17,500. Miezi 8 ni 140,000. Jumla 640,000, toa laki moja, inabaki 540,000.

Kwa hiyo muulizeni leseni. Kama hana, mkataba wake ni batili na hamlipi chochote.

Mhasibu wa Kasulu

Mdogo wangu, hapo mwisho umekwenda mbio. Laki tano ilipokelewa na jirani aliiona. Mimi nimeona watu wakienda Mahakama ya Mwanzo wakitegemea kutolipa kabisa, hakimu akauliza swali moja tu: "Ulichukua, hukuchukua?" Leseni ni silaha ya kumfanya akae mezani, na riba yake inaweza kuanguka. Mtaji wenyewe usimdanganye dada kwamba utayeyuka.

Wakili Mtarajiwa

Tutatofautiana hapo mzee. Anayevunja sheria asifaidi na mkataba wake, huo ndio msimamo wangu.

Mtaji wa Gungu

Kwa asilimia 3.5 hakuna atakayekopesha mwaloni, nawaambia. Mtabaki na sheria zenu na hao kina mama watakosa mtaji.

Kijana wa Mwanga

Bora wakose.

Mama Farida

Wewe kijana hujawahi kuuguliwa na mtoto tarehe 18. Usiseme bora wakose.

Mtu wa Katonga

Taarifa fupi. Leo tumekutana kwa mwenyekiti wa mtaa. Nimemwonyesha yule bwana ile meseji ya muamala, akaiangalia muda mrefu, akakubali laki moja iingie. Sasa anasema 925,000, na hashuki. 800,000 kaikataa. Nilipotaja leseni alibadilika sura, lakini dada akanivuta shati, hataki habari za kumshitaki. Anasema mvua ikikata atahitaji tena mtaji na hana kwingine. Dada yuko tayari kukubali 925,000 na kulipa 100,000 kila mwezi. Jumamosi ndiyo kutia saini. Mnaonaje, ni miezi tisa na kidogo tu?

Mhasibu wa Kasulu

Simama hapo, usiache asaini kabla hujanisikia.

Hiyo miezi tisa na kidogo ni kweli kama riba imesimama. Kama riba ya kumi inaendelea kutembea, mwezi wa kwanza peke yake ni 92,500. Atapeleka laki moja, deni litapungua 7,500. Nimepiga mpaka mwisho: itamchukua malipo 27 kamili na moja dogo la kumalizia, zaidi ya miaka miwili, na jumla itapita milioni 2 na laki 7. Kwa laki moja ileile kila mwezi. Na akikosa mwezi mmoja tu, 92,500 yote inapanda juu na riba ya mwezi unaofuata inapita laki moja. Kuanzia hapo laki moja haitoshi tena hata riba.

Kwa hiyo msigombane sana juu ya 800 au 925. Hiyo 125,000 ni kubwa, ijaribuni, lakini mstari unaotakiwa kwenye karatasi ni mwingine. Iandikwe hivi: aliyepokea alipokea Sh 500,000 tarehe 30 Aprili 2024, amelipa Sh 100,000 tarehe 30 Agosti, deni lote lililobaki ni kiasi fulani, riba imesimama kuanzia leo, kila atakachopeleka kinapunguza deni hilo. Neno "taslimu" lisiwepo, wala "nimekopa leo". Nakala mbili, muhuri wa mwenyekiti, na karatasi za Agosti na Desemba asichane mtu, ziandikwe "imefutwa" na kila upande ubaki na picha. Malipo yote yaende kwa simu, siyo mkononi.

Na tarehe ya kulipa isiwe 30. Muulize dada giza linaishia lini, apange malipo siku chache baada ya hapo, wakati hela ya dagaa ipo. Mkopeshaji mwenye akili atakubali, na yeye anataka kulipwa.

Mtaji wa Gungu

Mimi huwa nasimamisha riba kwa mtu aliyeleta theluthi ya deni mbele ya mashahidi. Mjaribuni kwa hilo. Mkienda mikono mitupu hasimamishi.

Mtu wa Katonga

Theluthi ni kama laki tatu. Shemeji ana injini mbovu anaweza kuiuza, nimempigia sasa hivi. Mzee, nikipata rasimu ya karatasi nitaipiga picha niilete hapa kabla ya Jumamosi.

Mhasibu wa Kasulu

Ilete. Na karatasi ya kiwanja, iandikwe itarudishwa lini, maana kwenye makubaliano haya haijatajwa.